Kutoka 750 hadi 818.40: kumwandikia mgeni maelezo ya ankara yake

Mgeni alikuwa ameshaondoka siku mbili zilizopita baruapepe yake ilipofika mezani kwangu. Ilikuwa fupi, na kwa mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya mapokezi kisha kwenye ofisi ya hesabu za wageni, ilikuwa ya aina inayotisha kuliko zile zenye matusi, kwa sababu mwandishi wake alikuwa amepiga hesabu. Alisema aliambiwa chumba ni 200 kwa usiku, ada ya huduma asilimia 10 na kodi asilimia 15. Kwamba yeye, mumewe na mtoto wao wa miaka tisa walilala usiku tatu. Kwamba 600 ukiiongezea asilimia 25 unapata 750. Na kwamba ankara aliyolipa ilisomeka 818.40. Alimalizia kwa sentensi moja: "Naomba nielezwe hizo 68.40."

Tarakimu nimezibadili ili zifuatike kwa urahisi, na sarafu sikuitaja kwa makusudi, maana hesabu yenyewe haibadiliki kwa fedha yoyote. Ombi lake sikuligusa. Mgeni huyu hakutaka kuombwa radhi wala kusomewa sera. Alitaka 68.40 zielezwe, na jibu lolote lisilofika kwenye 68.40 kamili, hadi senti ya mwisho, lisingekuwa jibu.

Miaka ya mwanzo barua kama hii ningeijibu kwa kiolezo nilichokirithi, kilichosema kuwa tozo zote kwenye ankara ni kwa mujibu wa sera ya hoteli na sheria za nchi. Sentensi hiyo inaonekana salama, lakini kasoro yake ni kubwa: inachanganya kilichoamuliwa na serikali na kilichoamuliwa na hoteli, ilhali haki za mgeni katika mambo hayo mawili hazifanani. Tozo ya utalii iliyowekwa na mamlaka hoteli haina uwezo wa kuisamehe. Mgeni anachoweza kuhoji ni kama inamhusu na kama imehesabiwa sawasawa. Ada ambayo hoteli imejiwekea yenyewe ni jambo la makubaliano, na swali lake halali ni kama alielezwa kabla ya kukubali kulipa. Ukiyafunga yote katika neno "sera" unamnyima njia ya kujua anagombana na nani, naye kwa kawaida huamua kugombana na wewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote huifungua ankara na kuuliza maswali mawili kwa kila mstari: nani aliamua fedha hii itozwe, na mwisho wake inaishia kwa nani? Ankara ya mgeni huyu ilikuwa na mistari mitano. Chumba kwa usiku tatu, 600. Ada ya huduma, 60. Ada ya vifaa, yaani bwawa, mazoezi na mtandao, 12 kwa chumba kwa usiku, jumla 36. Kodi ya ongezeko la thamani, 104.40. Tozo ya utalii, 18. Ukijumlisha unapata 818.40, hivyo angalau kujumlisha kulikuwa sawa. Kodi na tozo ya utalii hoteli inazikusanya kwa niaba ya mwingine na haina chake humo. Ada ya vifaa ni mapato ya hoteli, hata kama jina lake linasikika kama la serikali. Ada ya huduma ndiyo yenye utata, nami nitairudia, kwa sababu hata mgeni mwenyewe aliirudia.

Kosa la kwanza kwenye hesabu yake ni lile ambalo hata watu wa mapokezi hulifanya kila siku, yaani kuzijumlisha asilimia mbili kana kwamba zote zinatozwa juu ya kitu kilekile. Pale tulipokuwa, kama ilivyo katika nchi nyingi, ada ya huduma ikiwa ya lazima huhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya huduma iliyouzwa, na kodi hutozwa juu ya jumla hiyo. Chumba ni 600, ada ya huduma ni 60, na kodi ya asilimia 15 hutozwa juu ya 660, si juu ya 600. Matokeo yake ni 99 badala ya 90. Asilimia 10 na asilimia 15 zikipandana hivi hazileti asilimia 25, bali 26.5. Tofauti ni 9 tu katika ankara nzima, lakini kwa mtu aliyeshika kikokotoo, 9 hiyo ndiyo inayomfanya aanze kuushuku kila mstari uliobaki.

Hapa mwandishi wa jibu awe mwangalifu, kwa kuwa kanuni hii si ya dunia nzima. Kwa Uingereza, kwa mfano, ada ya huduma ambayo mteja ana hiari ya kweli ya kutoilipa huwa nje ya kodi ya ongezeko la thamani, ilhali ile ya lazima hutozwa kodi kama sehemu ya bei. Kuna pia tozo za wageni zinazowekwa kwa asilimia ya bei badala ya kiwango maalumu kwa kichwa. Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu 2024. Ninachosisitiza ni kwamba mpangilio wa hesabu, yaani kipi kinatozwa juu ya kipi, hauwezi kukisiwa. Unausoma kwenye kanuni za mahali hoteli ilipo, kisha unauandika kwa maneno, kwa sababu mgeni aliyetoka kwingine ana mpangilio wa kwao kichwani.

Mpangilio huohuo una upande wa pili unaosumbua zaidi, nao ni kurudi nyuma kutoka kwenye bei iliyojumlisha kila kitu. Wiki hiyohiyo mgeni mwingine, aliyeuziwa chumba kwa 253 kwa usiku kodi na ada ya huduma zikiwa ndani, aliomba mchanganuo kwa ajili ya mwajiri wake. Kijana wa mapokezi alichukua 253, akatoa asilimia 26.5, akapata karibu 186 na kumwandikia kuwa hiyo ndiyo bei halisi ya chumba. Si hiyo. Asilimia 26.5 ilitozwa juu ya bei ya msingi, si juu ya 253, kwa hiyo njia sahihi ni kugawanya: 253 kwa 1.265 ni 200. Jaribio la kugundua kosa hili ni jepesi, nalo ni kupanda tena. Chukua ulichokipata, ongeza asilimia 10, kisha juu ya jumla ongeza asilimia 15. Usiporudi pale ulipoanzia, mchanganuo wako ni wa uongo hata kama uliuandika kwa nia njema. Kutoka 186 unapanda hadi kama 235, na mwajiri yeyote mwenye mhasibu ataliona hilo.

Turudi kwa mama yetu na 68.40 zake. Tayari 9 zimeelezeka. Ada ya vifaa ni 36, na kwa kuwa nayo ni mauzo ya hoteli, inatozwa kodi ya asilimia 15, yaani 5.40. Haikutozwa ada ya huduma, kwa sababu mkataba wa uhifadhi ulitaja ada ya huduma juu ya chumba na chakula pekee. Jambo kama hili ni la kuangaliwa kila mara, maana mfumo wa kompyuta hufanya ulivyoelekezwa siku ya kwanza, na aliyeuelekeza huenda alishaacha kazi. Sasa tuna 9, 36 na 5.40, jumla 50.40. Kilichobaki ni 18, ambayo ni tozo ya utalii.

Na hapo ndipo nilipogundua kuwa kosa lilikuwa letu.

Tozo ya utalii ya kiwango maalumu hutozwa kwa mtu kwa usiku au kwa chumba kwa usiku, na mara nyingi huwa na misamaha: watoto chini ya umri fulani, wakazi wa eneo lenyewe, au usiku unaozidi idadi fulani katika ukaaji mmoja. Kwetu ilikuwa 2 kwa mtu kwa usiku, na watoto chini ya miaka 12 walisamehewa. Namna ya kuikagua ni kugawanya bila hata kutazama maelezo ya mstari: 18 gawanya kwa 2 ni 9, na 9 gawanya kwa usiku tatu ni watu watatu. Lakini waliopaswa kulipa walikuwa wawili. Mtoto alikuwa ameandikwa kwenye mfumo kama mtu mzima, pengine kwa sababu aliyempokea alihitaji kitanda cha ziada, na sehemu ya vitanda vya ziada ilikuwa inaongeza idadi ya watu wazima. Mgeni alikuwa amezidishiwa 6. Tozo yenyewe haikutozwa kodi juu yake, kwa hiyo hakuna kingine kilichoharibika. Ankara sahihi ilikuwa 812.40.

Kosa la namna hii hoteli inapaswa kulisema kabla ya kuulizwa. Mgeni alimtaja mtoto, lakini hakuwa amehoji tozo yake hata kidogo. Ningeweza kueleza 18 kama "tozo ya serikali", naye angenyamaza, maana watu wengi hunyamaza wakisikia serikali. Ila fedha hiyo isingekuwa ya serikali wala yetu. Halafu kuna ugumu wa kiofisi: kama taarifa ya mwezi ilikuwa imeshapelekwa kwa mamlaka ikiwa na watu watatu, marejesho yangehitaji kusahihishwa kwenye taarifa hiyo pia, na mhasibu anayerudisha 6 kwa mgeni bila kugusa taarifa anajitengenezea pengo litakaloonekana siku ya ukaguzi. Kwa bahati mwezi ulikuwa haujafungwa.

Jibu nililoandika lilikuwa hili, nikiondoa majina na tarehe:

"Ndugu mgeni wetu, tumepokea swali lako kuhusu tofauti ya 68.40 kati ya hesabu yako ya 750 na ankara ya 818.40. Tumeipitia ankara mstari kwa mstari na tumekuta 62.40 kati ya hizo ni sahihi na 6 ni kosa letu, ambazo tunakurudishia kwenye kadi uliyolipia.

Kwanza, 9 inatokana na kodi juu ya ada ya huduma. Hesabu yako ilitoza kodi ya asilimia 15 juu ya chumba pekee, yaani 600; hapa kodi hutozwa juu ya chumba pamoja na ada ya huduma, yaani 660, hivyo ni 99 badala ya 90. Pili, 36 ni ada ya vifaa, 12 kwa chumba kwa kila usiku. Ada hii imewekwa na hoteli, si na serikali, na imetajwa katika uthibitisho wa nafasi tuliokutumia, chini ya bei ya chumba. Tatu, 5.40 ni kodi ya asilimia 15 juu ya ada hiyo. Nne, 12 ni tozo ya utalii iliyowekwa na mamlaka ya hapa, 2 kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, kwa watu wawili na usiku tatu. Hoteli huikusanya na kuiwasilisha yote.

Tozo hiyo ilitozwa kwa watu watatu badala ya wawili, kwa kuwa mwanao aliandikwa kimakosa kuwa mtu mzima. Watoto chini ya miaka 12 wamesamehewa. Ankara iliyosahihishwa, yenye jumla ya 812.40, imeambatanishwa. Fedha zitaonekana kwenye kadi yako kwa muda unaotegemea benki, na kama akaunti yako ni ya sarafu nyingine, kiasi utakachokiona kinaweza kutofautiana kidogo kwa sababu ya kubadilisha fedha."

Kuna mambo kadhaa ya uandishi ndani yake ambayo hayakuja kwa bahati. Barua inaanza na tarakimu za mgeni, 750 na 68.40, kabla ya za hoteli. Kila kiasi kina mzazi wake: kimezidishwa nini kwa nini. Neno "kodi" limetumika kwa kodi tu. Ada ya huduma haikuitwa kodi popote, ingawa mapokezi kwa mazungumzo huita kila kitu kodi kwa kuwa neno hilo hufunga mjadala haraka. Kumwandikia mgeni kuwa ada ya hoteli ni kodi ni kumpa maelezo yasiyo kweli, na maandishi hayafutiki kama maneno ya kaunta. Kinyume chake pia hutokea, hoteli ikaiita ada yake "tozo ya kituo" au "ada ya eneo" kwa matumaini kwamba mgeni ataisoma kama ya serikali. Nchini Marekani jambo hili limefika hadi kwenye kanuni: tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi waonyeshe jumla inayojumuisha ada zote za lazima tangu bei inapotangazwa, na inakataza kupotosha asili au madhumuni ya ada. Tozo za serikali zinaruhusiwa kuachwa nje ya jumla hiyo hadi mbele kidogo, jambo linalofanya kuzitenganisha kwa majina sahihi kuwa muhimu zaidi.

Kuhusu ada ya vifaa, nakiri kuwa sentensi ya "imetajwa katika uthibitisho wa nafasi" niliiandika baada ya kuufungua uthibitisho wenyewe na kuiona. Isingekuwamo, barua ingebadilika kabisa. Ada ya lazima ambayo mgeni hakuelezwa kabla ya kukubali ni ngumu kuitetea popote, na mahali hapo mimi ningeifuta pamoja na kodi yake, yaani 41.40, badala ya kuandika ukurasa mzima wa kuihalalisha. Wako wenzangu wanaopendekeza kumpa mgeni kifungua kinywa cha bure akirudi. Sijawahi kuona kikimridhisha mtu aliyeuliza 36 ziko wapi.

Alijibu siku iliyofuata. Alishukuru kwa 6, akasema hesabu ameielewa, kisha akauliza swali ambalo kiolezo changu hakikuwa na jibu lake: "Hizo 60 za ada ya huduma, je, walipewa waliotuhudumia? Maana tulimwachia pia mhudumu wa chumba bakshishi tukidhani ni vitu viwili."

Ni vitu viwili kweli, na tofauti yake haiko kwenye jina. Mamlaka ya kodi ya Marekani ina kipimo chenye vigezo vinne ambacho nimekiona kinafaa hata kwa anayeandika barua mbali na huko: bakshishi ni malipo yanayotolewa bila kulazimishwa, mteja ndiye anayeamua kiasi, kiasi hakijapangwa na mwajiri wala kujadiliwa naye, na kwa kawaida mteja ana haki ya kuamua nani apewe. Kimoja kikikosekana, kuna shaka kwamba hiyo ni ada ya huduma, na ada ya huduma ni mapato ya hoteli kwanza, hata kama baadaye hoteli inaigawa. Zile 60 zilishindwa vigezo vyote vinne. Zilichapishwa kwenye ankara kwa asilimia tuliyoipanga sisi, na mgeni hakuwa na sauti juu ya nani azipate. Bakshishi aliyoiacha juu ya mto ilivitimiza vyote, wala haikuhusika kwa njia yoyote na ankara.

Lakini hilo linajibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama wafanyakazi hupata kitu, na hapa nchi hutofautiana, na hoteli hutofautiana ndani ya nchi moja. Kuna pale ambapo ada yote huingia kwenye mfuko unaogawanywa kila mwezi kwa pointi kulingana na cheo, pale ambapo hoteli hukata kwanza sehemu kwa ajili ya vyombo vinavyovunjika na gharama za kadi, na pale ambapo haigawanywi kabisa bali huhesabiwa kuwa imeshaingia kwenye mishahara. Uingereza imelitungia sheria: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri anatakiwa kuwagawia wafanyakazi ada za huduma na bakshishi zinazopitia mikononi mwake kwa haki, bila makato ya kwake.

Kwetu sikujua. Nilikuwa nimeandika "ada ya huduma" kwenye mamia ya barua bila kuuliza inakwenda wapi. Ilibidi niende kwa mtunza mishahara, ambaye alinionyesha daftari la mgao: sehemu nane kati ya kumi ziligawanywa kwa wafanyakazi wote, wa jikoni na wa bustani wakiwamo, na mbili zilibaki hotelini kufidia vyombo vilivyovunjika. Nilimwandikia mgeni hivyohivyo, kuwa 48 kati ya 60 zake ziliingia kwenye mfuko wa wafanyakazi wote na 12 zilibaki kwa hoteli, na kwamba aliyemwachia bakshishi aliipata yote mwenyewe. Meneja alisita kuiruhusu sentensi ya 12 zilizobaki. Aliitazama kwa muda, akauliza kama ni lazima, nikamwambia kwamba mgeni huyu ataitoa 48 kwenye 60 kabla hajamaliza kusoma mstari. Akaipitisha, na kuanzia mwezi uliofuata sentensi hiyo iliongezwa kwenye uthibitisho wa nafasi, mahali ambapo wageni huisoma kabla ya kulipa.